Barua ya Ruhusa ya Masomo na Vipindi Vinavyobaki

Mwalimu wa sekondari ya serikali Tanzania anapopata nafasi ya kusoma uzamili, mara nyingi anaanza kuandika barua kwa kueleza ndoto yake. Anataja chuo, shahada, na jinsi elimu hiyo itakavyomjenga. Mkuu wa shule anaisoma hadi mwisho, anampongeza kwa dhati, kisha anabaki na swali ambalo barua haikuligusa: Jumatatu saa mbili na dakika arobaini, Kidato cha Tatu B watakuwa na nani darasani?

Swali hilo ndilo linaloamua kama mkuu ataandika "napendekeza" au ataliweka ombi kwenye faili "hadi atakapopatikana mwalimu mwingine". Sentensi hiyo ya pili imewazuia walimu wengi, na katika shule ambayo somo zima la sayansi liko mikononi mwa watu wawili, siwezi kumlaumu mkuu anayeiandika. Ndiyo maana naamini barua ya ruhusa ya masomo iandikwe kutoka kwenye ratiba ya shule. Sifa za mwombaji zinaweza kufuata nyuma.

Kwanza tuweke sawa nani anatoa nini. Mkuu wa shule ya serikali hana mamlaka ya kumpa mtumishi ruhusa ya kwenda masomoni kwa miaka miwili. Mamlaka hayo ni ya mwajiri, na kwa mwalimu aliye chini ya halmashauri mwajiri huyo ni mkurugenzi. Ombi rasmi huandikwa kwake kwa kupitia kwa mkuu wa shule, na mkuu huweka maoni yake kabla ya kulipeleka mbele. Lakini maoni hayo hayatoki hewani. Mwalimu mwenye busara humwandikia kwanza mkuu wake barua ya ndani, yenye mpango wa vipindi, ili mkuu awe na kitu mkononi atakapoulizwa na Afisa Elimu Sekondari. Barua hiyo ya ndani ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Wapo wanaoruka hatua hizi. Barua ya udahili imefika, masomo yanaanza wiki ijayo, mtu anamuaga mkuu kwa mdomo na kupanda basi. Hilo ni hatari kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika utumishi wa umma, kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa siku kadhaa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, na kwa walimu wa serikali shauri hilo huishia mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mkuu haimkingi mwalimu mbele ya Tume. Vilevile aliye bado kwenye kipindi cha matazamio cha miezi 12, ambaye hajathibitishwa kazini, asubiri kwanza. Ombi lake halina mguu wa kusimamia.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, ambao ni wa kalenda. Shule zetu huanza mwaka Januari na kufunga Desemba. Vyuo vikuu huanza mwaka wao wa masomo Oktoba au Novemba. Kwa hiyo mwalimu anayekwenda chuoni anaondoka katika wiki mbaya kuliko zote, wakati Kidato cha Nne wanakaribia mtihani wao wa taifa wa Novemba na Kidato cha Pili wanajiandaa kwa upimaji wao. Halmashauri nayo ina kalenda ya tatu, kwa sababu mwaka wake wa fedha huanza Julai, na mpango wa mafunzo ya watumishi huandaliwa pamoja na bajeti miezi mingi kabla. Mwalimu anayesubiri barua ya udahili ya Septemba ndipo afungue mdomo atakuta mpango umekwisha kufungwa bila jina lake.

Dawa yake ni kuanza mapema, kwa kuandika mara mbili. Barua ya kwanza ni fupi na iandikwe mwaka mmoja kabla, wakati halmashauri inakusanya mahitaji ya mafunzo. Inasema tu kwamba mwalimu anakusudia kuomba udahili wa uzamili fulani mwaka ujao, na anaomba jina lake liingizwe kwenye mpango wa mafunzo. Barua ya pili, yenye mpango kamili, iandikwe anapotuma maombi chuoni, asisubiri majibu. Barua ya udahili itaambatishwa itakapofika. Kati ya barua hizo mbili mkuu anapata muda wa kupanga, na mwalimu anaacha kuwa mtu anayemshtua.

Tuchukue mfano ili tuone hesabu inavyokwenda. Tuseme shule ya kutwa ya kata ina mikondo miwili kwa kila kidato, kuanzia cha Kwanza hadi cha Nne. Katika ratiba yake, Kemia na Baiolojia hupewa vipindi 3 kwa wiki katika Kidato cha Kwanza na cha Pili, na vipindi 4 katika cha Tatu na cha Nne. Kila kipindi ni dakika 40. Mwalimu wetu anafundisha Kemia Kidato cha Pili na cha Nne, jumla vipindi 14, na Baiolojia Kidato cha Tatu, vipindi 8. Mzigo wake ni vipindi 22 kwa wiki. Mwenzake wa Kemia ana Kidato cha Kwanza na cha Tatu, na pia Fizikia Kidato cha Kwanza, jumla 20. Mwenzao wa Baiolojia ana Kidato cha Kwanza, cha Pili na cha Nne, naye ana 20. Mwalimu wa Fizikia ana 18.

Barua nyingi zingesema hapa: "Walimu wenzangu wa idara wamekubali kunisaidia." Hiyo ni ahadi nzuri ya kibinadamu, lakini tazama namba. Vipindi 22 vikigawiwa wawili waliobaki, kila mmoja anaruka kutoka 20 hadi 31. Ni zaidi ya saa 20 za kusimama darasani kila wiki, na bado kuna madaftari ya kusahihisha, zamu na maabara ya kuandaa. Wataanza vizuri. Kufikia katikati ya muhula, kipindi cha Kidato cha Pili kitaanza kugeuka cha "someni wenyewe", na maabara itafungwa kwa sababu maandalizi yake yanahitaji muda ambao hakuna mwenye nao. Ukitaka kujua kama mpango wa namna hii umeshindwa, usimuulize mwalimu. Fungua shajara ya somo ya darasa husika na uhesabu ni mada ngapi zimesainiwa ukilinganisha na azimio la kazi.

Mpango unaosimama unagawanywa katika vipande viwili, kwa sababu tatizo la Oktoba si tatizo la Januari.

Kipande cha kwanza ni cha mwaka wa kuondoka. Mwalimu anajua tangu Januari kwamba mwishoni mwa Oktoba hatakuwepo, basi anapanga azimio lake la kazi la Kidato cha Nne ili mada zote zikamilike mwishoni mwa Julai. Agosti hadi Oktoba zinabaki kwa marudio na mazoezi ya maabara: kupima asidi kwa besi, kutambua chumvi isiyojulikana, na kasi ya mmenyuko. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mwenzake wa Kemia aingie naye maabara kuanzia Septemba, kabla hajaondoka. Wiki ya mtihani wa vitendo, watahiniwa wanahitaji mtu anayejua burete ipi inavuja na ni akina nani bado wanasoma kipimo vibaya. Akitambulishwa kwao Novemba, amechelewa. Alama zao za tathmini endelevu nazo ziwe zimekamilika na kukabidhiwa ofisi ya taaluma kabla mwalimu hajafunga sanduku lake, maana alama iliyobaki kwenye daftari la mtu aliye chuoni ni usumbufu kwa mtoto asiye na kosa.

Baada ya mitihani ya Novemba, Kidato cha Nne wameondoka na Kidato cha Pili wamemaliza upimaji. Darasa pekee la mwalimu wetu linalobaki na pengo hadi shule kufungwa ni Kidato cha Tatu katika Baiolojia, vipindi 8. Mwenzake wa Baiolojia, ambaye naye amepoteza vipindi 8 vya Kidato cha Nne, anaweza kuvichukua bila kuzidiwa. Kwa wiki zile za mwisho hali si mbaya kama ilivyoonekana mwanzoni, na mkuu anahitaji kuonyeshwa hivyo.

Kipande cha pili ndicho kizito, nacho kinaanza Januari, madarasa yanapopanda na Kidato cha Kwanza kipya kinaingia. Hapo idara ina vipindi 28 vya Kemia, 28 vya Baiolojia na 6 vya Fizikia vilivyokuwa kwa mwalimu wa Kemia. Jumla ni 62, na watu ni wawili. Mpango wangu ungekuwa hivi. Fizikia Kidato cha Kwanza inarudi kwa mwalimu wa Fizikia, ambaye anapanda kutoka 18 hadi 24. Mwalimu wa Kemia anabaki na Kemia peke yake, Kidato cha Pili hadi cha Nne, vipindi 22. Mwalimu wa Baiolojia vilevile, vipindi 22. Vinabaki 12, Kemia na Baiolojia za Kidato cha Kwanza, na hivyo anapewa mwalimu wa kujitolea.

Kwa nini Kidato cha Kwanza? Kwa sababu mwalimu wa kujitolea anaweza kupata ajira katikati ya muhula na kuondoka, na hilo likitokea, darasa linaloyumba liwe lile lenye miaka mitatu mbele yake ya kurekebisha. Madarasa ya mtihani yakae kwa walimu walioajiriwa. Kuna faida nyingine pia: mpango huu unafuata kidato na haufungwi kwa kundi fulani la wanafunzi, hivyo Januari ya pili unarudiwa bila kubadilisha kitu. Kikwazo chake ni udahili. Tangu ada ilipoondolewa katika sekondari za serikali mwaka 2016, kuna shule ambazo hupokea wanafunzi wengi kuliko zilivyotarajia. Kidato cha Kwanza kikija na mkondo wa tatu, mwalimu wa kujitolea anafika vipindi 18, na barua iseme hivyo waziwazi.

Posho ya mwalimu huyo ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa. Mwalimu anayeomba ruhusa asiahidi fedha asizokuwa nazo, wala asiandike kwamba "wazazi watachangia". Mchango wa wazazi hauwekwi na mwalimu. Unahitaji ridhaa yao, uamuzi wa bodi ya shule na kibali cha mamlaka husika. Anachoweza kufanya ni kuomba suala hilo liingie kwenye ajenda ya kikao cha bodi kinachofuata, na kueleza mapema, ili kikao hicho kiwe kabla ya Januari. Wapo pia wanaotegemea wanachuo wa mazoezi ya kufundisha. Hao ni msaada wa kweli, lakini hukaa wiki chache tu katikati ya mwaka, na mpango wa miaka miwili haujengwi juu yao.

Kwa mfano huo, barua ya ndani ingekuwa na sura hii:

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari …………,
S.L.P. …………

Tarehe …………

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: OMBI LA KUPENDEKEZWA KWA RUHUSA YA MASOMO YA UZAMILI NA MPANGO WA KUFIDIA VIPINDI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Kemia na Baiolojia katika shule yako, niliyethibitishwa kazini. Kwa kurejea barua yangu ya mwaka jana kuhusu mpango wa mafunzo, naomba unipendekeze kwa Mkurugenzi ili nipewe ruhusa ya kusoma Uzamili wa Elimu kwa miezi 24, kuanzia mwishoni mwa Oktoba mwaka huu. Nimetuma maombi ya udahili, na barua ya chuo nitaiwasilisha mara nitakapoipata. Nisipodahiliwa, nitakujulisha kwa maandishi na ombi hili litakuwa limefutika.

Kwa sasa nina vipindi 22 kwa wiki. Nimekaa na walimu watatu wanaohusika pamoja na mwalimu wa taaluma, na mgawanyo tuliokubaliana umeambatishwa ukiwa na saini zao. Kwa kifupi, Kidato cha Nne nitakamilisha mada zote ifikapo tarehe 31 Julai, na mwalimu mwenzangu wa Kemia ataingia maabara pamoja nami kuanzia Septemba ili asimamie maandalizi ya mtihani wa vitendo. Kuanzia Januari, walimu wa Kemia na Baiolojia watakuwa na vipindi 22 kila mmoja, na mwalimu wa Fizikia vipindi 24. Vipindi 12 vya Kidato cha Kwanza havina mwalimu. Naomba suala la mwalimu wa kujitolea kwa vipindi hivyo lifikishwe kwenye kikao kijacho cha bodi ya shule.

Asipopatikana, nimeandaa mgawanyo mbadala ambao walimu wa Kemia na Baiolojia watafika vipindi 28 kila mmoja. Tumekubaliana kwamba huo utumike kwa muhula mmoja tu.

Kabla ya kuondoka nitakabidhi kwa maandishi maazimio ya kazi, shajara za somo, alama za tathmini endelevu, orodha ya vifaa na kemikali za maabara, na funguo. Majukumu yangu ya mwalimu wa darasa la Kidato cha Pili A yanasubiri uteuzi wako.

Nitawasilisha kwako taarifa ya maendeleo ya masomo kila mwisho wa muhula wa chuo, na nitaripoti kazini mara baada ya kumaliza.

Naomba kuwasilisha.

Saini …………

Barua hiyo inajaza ukurasa mmoja, na kiambatisho chake ni jedwali la ratiba. Angalia inachokiri: vipindi 12 havina mtu. Mkuu angeligundua pengo hilo mwenyewe ndani ya dakika chache, na akiligundua baada ya kuambiwa "kila kitu kimepangwa", ataitilia shaka barua nzima. Saini za wenzake nazo zina kazi. Katika vyumba vya walimu nimesikia mara nyingi mtu akisema, "Mwalimu, mimi sikuulizwa," na kauli hiyo ikivunja mpango ambao kwenye karatasi ulionekana kamili. Aliyetia saini vipindi 22 anajua pia kwamba hakutia saini 31.

Mgawanyo mbadala unastahili neno moja zaidi. Vipindi 12 vikigawiwa wawili, kila mmoja anafika 28, mzigo unaobebeka kwa muhula mmoja kwa mtu mwenye afya na moyo. Kuweka kikomo kwenye barua yenyewe kunamlinda mwenzako aliyebaki, na kunampa mkuu sababu ya kuendelea kuidai halmashauri mwalimu. Shule ikikaa kimya kwa sababu "wanamudu", ikama inabaki ilivyo.

Jambo la mshahara halina nafasi katika barua hii ya ndani. Malipo wakati wa masomo na mkataba wa kurudi kutumikia baada ya kuhitimu huamuliwa kwa mwajiri, na mwalimu ayasome masharti hayo kwa makini kabla ya kutia saini. Kwa mkuu, anachotakiwa kuonyesha ni jinsi masomo yanavyohusiana na kazi. Anayekwenda kusoma somo analofundisha, au elimu yenyewe, ana njia nyepesi. Anayekwenda kusoma fani ya kumtoa darasani ajiandae kwa maswali, na aseme ukweli atakapoulizwa.

Kuna pia njia ya kutoondoka kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, na mwalimu anaweza kusoma uzamili akiwa kituoni. Hapo ombi kwa mkuu linakuwa dogo: siku za mitihani, na baadaye wiki za kukusanya data. Hata hivyo ruhusa ya maandishi bado inahitajika, na barua itaje tarehe na vipindi vitakavyoguswa. Njia hii huchukua muda mrefu kwa wengi, kwa kuwa tasnifu huandikwa usiku baada ya madaftari. Kwa shule yenye mwalimu mmoja tu wa somo, nadhani ndiyo njia ya haki zaidi kwa watoto, na mwalimu wa shule ya namna hiyo aifikirie kabla ya kuomba miezi 24.

Anayekwenda chuoni kwa muda wote atakutana na kalenda kwa mara nyingine mwishoni. Mihadhara huisha kwa wakati. Tasnifu ndiyo inayochelewa: msimamizi yuko safarini, kibali cha utafiti hakijatoka, sura ya nne imerudishwa. Ruhusa ya miezi 24 iliyoanza Oktoba inaisha Oktoba, na siku inayofuata mwalimu ambaye hajaripoti ni mtoro kwenye kumbukumbu za mwajiri, hata kama anaandika usiku na mchana. Ombi la kuongezewa muda liandikwe miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, likiwa na barua ya msimamizi inayoeleza kilichobaki. Kiambatisho cha vipindi nacho kiandikwe upya, kwa sababu mkuu amekwisha kupanga ratiba ya Januari akimhesabu kuwa amerudi, na mwalimu wa kujitolea ameambiwa mkataba wake unaisha Desemba.